Jina Ambalo Sponji Hakulitaka Mlangoni

Watu wakimwona Sponji wanasema ni mpole. Mimi nakataa. Sponji ni mwoga, na upole na woga ni vitu viwili tofauti. Mtu mpole anaweza kukasirika akitaka, ila hataki. Mwoga hata akitaka hathubutu. Nimefanya naye kazi miaka mingi kiasi cha kuijua tofauti hiyo, na yeyote anayemwita mpole mbele yangu nitamsahihisha, apende asipende.

Kazi yake ni kushona mito na migongo ya viti vya magurudumu. Ukiuona mkono wake kazini utasema si wa mtu mwoga hata kidogo. Sindano nene, uzi uliopakwa nta, ngozi ya bandia ambayo wewe na mimi ingetushinda kuitoboa. Mtu anayekaa kutwa nzima bila kusikia miguu yake huota vidonda makalioni asijue, na mto mbaya unaweza kumuua polepole. Mito ya Sponji haijamtia mtu kidonda. Ndiyo sababu mimi, mtaalamu wa viungo niliyechoka na foleni za hospitali, niliamua kuungana naye. Mimi nampima mgonjwa: upana wa nyonga, urefu wa paja, anavyoegemea. Shemeji yake anachomelea fremu. Yeye anashona. Shemeji huyo tunamwita Cheche, na mimi ananiita Futikamba, kwa vile kila nikiingia nina utepe wa kupimia shingoni. Sina neno. Nimeshaitwa mabaya zaidi.

Karakana ilikuwa kwenye uwanja wa nyumba ya mama mkwe wake Sponji. Mbele kuna banda la chuma la Cheche, nyuma kuna chumba cha cherehani, na upande wa pili wa ukuta ndiko Sponji anakolala, nyumba ileile alikoolewa. Mume alikwisha kufa. Cheche ni mdogo wake marehemu.

Haya nitakayoyasema sasa niliyajua baadaye, lakini wewe yajue mapema, maana sipendi kumchezea msomaji. Marehemu alikuwa akimpiga. Si siku moja, si kwa ulevi, wala si kwa sababu unayoweza kuitaja. Mtaani alikuwa mtu wa watu, anabeba majeneza ya majirani, anatania watoto. Akiingia ndani anakuwa mwingine. Sponji aliishi naye hivyo mpaka alipofariki kwa ajali ya barabarani, na msibani watu walimshika mikono wakimwambia, "Pole, umepoteza nguzo." Akaitikia. Ungemwambia nini mtu aliyekuja na pole yake?

Tatizo likaanza pale tulipotaka kusajili biashara. Hospitali moja ilikubali kutuagiza viti, ila haiwezi kuandikiana mkataba na watu watatu na banda. Lazima biashara iwe na jina. Tukakaa kwenye chumba cha cherehani, Cheche akasema kabla hata sijavua viatu:

"Jina mimi ninalo. La kaka. Uwanja ni wa nyumbani, banda alilijenga yeye, na shemeji hapa ni mjane wake. Sasa tuzunguke mbuyu wa nini?"

Nikamtazama Sponji. Alikuwa ameshika mkasi, na kidole chake gumba kilikuwa kinapapasa ncha yake, taratibu, mbele na nyuma.

"Mimi nina jina jingine," nikasema.

"Najua. Watu waliosoma hawakosi jina jingine."

Ungedhani tungegombana, na kweli tungegombana, kama nisingekuwa nimewahi kuona biashara ya dada yangu na rafiki zake ikivunjika kwa jambo hilohilo. Wao walipigiana kelele mpaka aliyekuwa na sauti kubwa akashinda, na waliobaki wakawa wanalitamka lile jina kama wanatema pilipili. Haikumaliza mwaka. Kwa hiyo nikawaambia, kwanza tusitaje jina lolote. Tukubaliane jina zuri kwa kazi yetu lina sifa gani, halafu ndipo majina yaje yapimwe, kama ninavyompima mtu kabla ya kumtengenezea kiti. Ukipanga sifa baada ya kuyaona majina, kila mtu atachonga sifa zimfae mtoto wake.

Cheche akacheka. "Haya, Futikamba, pima."

Tukapanga. Sifa ya kwanza aliitoa Sponji mwenyewe, na ndiyo ilikuwa bora kuliko zote: jina liwe rahisi kutamkwa na mtu aliyepata kiharusi. Wateja wetu wengi ndimi zao ni nzito, na mtu asiyeweza kutamka jina la duka hawezi kulipigia simu. Hiyo tukaamua alama zake zizidishwe mara mbili. Sifa ya pili, jina lionyeshe kazi tunayofanya. Ya tatu, lisimwonee mtu huruma. Hakuna anayetaka kununua kiti chenye kumlilia. Ya nne, litufae hata tukianza kutengeneza magongo na vitanda. Na juu ya zote mlango mmoja wa kupita: jina ambalo tayari limesajiliwa na wengine linatoka bila kujadiliwa.

Kila mmoja ataleta majina mawili. Mimi nitayaandika upya yote kwa mwandiko mmoja, bila kusema la nani, na kuyapa namba. Kila mtu atatoa alama peke yake, moja hadi tano kwa kila sifa, pasipo kuchungulia wala kunong'ona. Tutajumlisha. Mawili yatakayoongoza tutayazungumza, kisha tutayapigia kura ya siri. Litakaloshindwa litabaki la akiba, ofisi ya usajili ikilikataa la kwanza.

Halafu nikaongeza kanuni moja, na hiyo ndiyo iliyozaa mengine yote. Nilisema kabla ya alama, kila mmoja awe na haki ya pingamizi moja. Jina likiwa halikaliki moyoni mwako kabisa, andika namba yake kwenye kikaratasi, litatoka. Usiye na pingamizi andika sifuri, ukunje vilevile, ili vikaratasi vyote vifanane. Na hakuna ruhusa ya kuuliza ni nani wala kwa nini.

"Hata la kaka?" Cheche akauliza.

"Lolote."

Akafikiri. Nadhani alihesabu kwamba wao ni wawili wa nyumba moja na mimi ni mmoja wa nje, na kwamba sitakuwa na uso wa kumfukuza marehemu kwenye uwanja wake. Akakubali. Tukatia sahihi wote watatu. Sponji alitia sahihi akiwa ameinama sana, sikuweza kumwona macho.

Hapo nilifanya kosa, na ni kosa la kijinga kwa mtu anayejisifu kwa vipimo. Siri ya kura inahitaji watu. Kikaratasi kimoja kati ya vitatu hakina pa kujificha: aliyeandika sifuri anajua si yeye, na aliyebaki ni mmoja kati ya wawili. Sikuliona hilo. Sponji aliliona palepale, na usingizi wake ukaishia hapo.

Siku zilizofuata alipungua. Mtu akiita kutoka bandani, anashtuka. Cheche ana mwendo wa kaka yake, kisigino kinaburuza kidogo, na kikohozi chao ni kimoja. Nilikuwa nimeshaona mara nyingi kwamba Cheche akikohoa nje, Sponji huacha kushona mpaka sauti ipite, nikadhani ni majonzi. Kumbe alikuwa anasikiliza mlango.

Asubuhi moja nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha mteja, kiti kipya kisicho na mto, mikono imeshika magurudumu.

"We, umeshakuwa mteja?" nikamtania.

"Dada, miguu imekataa."

Nikadhani ni utani. Akanionyesha banda kwa kidevu. Alikwenda kutafuta vipande vya sponji vilivyobaki, akainua turubai nyuma ya mapipa, akakuta herufi za chuma zimeshakatwa na kuchomelewa, ndefu kama mkono wa mtu toka kiwiko hadi vidole, zimepakwa rangi ya kuzuia kutu. Jina lote. Cheche alikuwa ameshalitengeneza kabla ya kura. Fundi chuma ndivyo alivyo, neno kwake si neno mpaka alione limesimama.

"Mama ameshaambiwa," Sponji akasema. "Jana aliniita, akanishika mashavu. Akasema, mwanangu atasimama tena mlangoni, na wewe ndiye utakayemfungulia kila asubuhi."

"Na wewe unataka?"

Alitazama dirisha la mama mkwe, kisha banda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Nyumba ni yake, dada. Nikipinga nitalala wapi?"

Ndipo aliponieleza. Hakueleza yote. Alisema tu, "Alikuwa na mkono mwepesi," akavuta kilemba nyuma kidogo nikaliona kovu kwenye mstari wa nywele. Mimi nimepima miili ya watu maisha yangu yote na nilikuwa sijawahi kumtazama huyu. Kuanzia siku hiyo woga wake ukawa pia wangu.

Nilimwambia ningeweza kupinga mimi. Nina pingamizi moja, nitalitumia nipendavyo. Akakataa kwa kichwa, haraka haraka. "Shemeji atakuchukia. Atakufukuza, kisha tutabaki mimi na yeye na lile jina." Tukaachia hapo, na sikujua siku ikifika atafanya nini. Nadhani na yeye hakujua.

Siku ya kupiga kura ilikuwa ya mapumziko, mchana mweupe, mama mkwe amekwenda kusali. Tulikaa kuzunguka meza ya kukatia vitambaa. Majina yalikuwa matano, kwa sababu moja la Cheche, "Chuma Imara", lilikutwa limeshasajiliwa na watengeneza mageti, likatoka mlangoni. Namba moja, "Kiti Chako". Namba mbili, jina la marehemu. Namba tatu, "Tulia". Namba nne, "Mwendo Mpya". Namba tano, "Tufike".

Nikagawa vikaratasi. Cheche aliandika haraka na kukunja. Mimi nikaandika sifuri. Hii nataka ieleweke vizuri: niliandika sifuri, kwa kuwa Sponji alinikataza kupinga, na kwa kuwa niliogopa. Sponji aliinamia kikaratasi chake muda mrefu. Nje kuku alikuwa anaparura vumbi. Hatimaye akakunja, akakunja tena, mpaka kikawa kidogo kama punje, akakidondosha kwenye kopo la misumari.

Nikalitikisa kopo. Nikafungua cha kwanza: sifuri. Cha pili: sifuri. Cha tatu kilichukua muda kufunguka. Nikakisoma mara mbili moyoni kabla sijakisoma kwa mdomo.

"Namba mbili."

Cheche hakuelewa mara moja. Kisha uso wake ukaiva, akanigeukia mimi, mimi tu.

"Nilijua," akasema. "Nilijua, Futikamba. Karatasi zako, sifa zako, pingamizi lako. Kumbe ulikuwa unamchimbia kaburi la pili."

"Kanuni inasema hatuulizani."

"Kanuni yako! Umekuja hapa na utepe shingoni, umekuta watu wana msiba wao, unawafundisha jinsi ya kumsahau mtu wao!" Alipiga meza, misumari ikaruka ndani ya kopo. "Mimi sifanyi kazi na mtu wa namna hii. Chukua vitu vyako. Tutaandikisha wawili, mimi na shemeji."

Nilitaka kusema si mimi. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini kusema si mimi kulikuwa sawa na kumnyooshea mwenzangu kidole, hesabu ilikuwa rahisi hivyo. Nikaanza kukusanya utepe wangu. Niliogopa banda lile, niliogopa kile kikohozi chake, na zaidi ya vyote niliogopa kumwacha Sponji ndani ya uwanja ule peke yake, chini ya zile herufi.

"Shemeji."

Sauti ilikuwa ndogo mno, Cheche hakusikia.

"Shemeji. Kikaratasi ni changu."

Akageuka. "Unasemaje?"

"Ni mimi. Nimeliona chini ya turubai. Sitaki kulifungulia mlango."

Cheche akasimama ghafla. Kiti kilianguka nyuma yake kwa kishindo, na mkono wake ukapanda juu, kwa nini, hata yeye hajui, labda kushika kichwa, labda kuuliza mbingu. Sikuona mkono huo umefika wapi, maana nilikuwa namtazama Sponji. Alikuwa ameshateremka. Alijikunja chini ya ukingo wa meza, viwiko mbele ya uso, viganja vimefunika kisogo, kidevu kimezama kifuani. Hakupiga kelele. Alifanya hivyo kwa ufundi, kama mtu anayevaa nguo aliyoivaa kila siku kwa miaka.

Mkono wa Cheche ulikuwa bado hewani. Aliutazama, akautazama kama si wake, akaushusha taratibu na kuuficha nyuma ya mgongo.

"Mimi sijawahi kukugusa," akasema.

"Najua," Sponji akajibu kutoka kule chini, bila kutoa mikono kichwani.

Cheche akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akafika ukutani, ule ukuta ambao upande wake wa pili ni chumba cha kaka yake. Wakati kaka yuko hai, yeye alilala humu humu tulimokaa. Aliweka kiganja kwenye ukuta, na sikumuuliza alikuwa akisikia nini usiku, miaka ile yote, kwa sababu uso wake ulikuwa umeshajibu.

Nikamsaidia Sponji kuinuka. Nikasema tuahirishe, tuendelee wiki ijayo. Ni Cheche aliyekataa. Aliokota kiti, akakaa, akavuta karatasi yake ya alama.

"Kanuni haiulizi sababu," akasema, sauti imekwaruza. "Namba mbili imetoka. Tuendelee."

Tukatoa alama. Sijawahi kuona watu watatu wakiandika tarakimu kwa hofu namna ile, kila mmoja amefunika karatasi yake kwa mkono kama wanafunzi. Tukajumlisha kwa sauti, kisha Cheche akajumlisha upya kuhakikisha. "Mwendo Mpya" liliangushwa na ulimi. Hebu lijaribu huku nusu ya mdomo imekufa. "Tulia" lilipata alama nyingi za kutomwonea mtu huruma na karibu hakuna za kazi, mtu angedhani tunauza magodoro au dawa za usingizi. Yakabaki "Kiti Chako", lililoongoza kwa kuonyesha kazi, na "Tufike", lililokuwa nyuma yake kidogo.

Nikauliza nani ana la kusema. Sponji akasema "Kiti Chako" litatubana siku tukitengeneza magongo. Cheche akasema kweli, lakini "Tufike" mteja anaweza kudhani ni teksi. Ndipo nikacheka, kicheko cha woga, na hata Sponji mdomo wake ulicheza kidogo. Kura zikaingia kwenye kopo. "Tufike", mbili kwa moja. "Kiti Chako" lililetwa na Sponji, lakini siwezi kusema alipigia lipi, na sitasema langu. Tukaandika la kwanza na la akiba, tukatia sahihi.

Nilidhani Sponji angepumua. Hakupumua. Alikuwa ameshaanza kuitazama saa ya ukutani, kisha lango, na mkono wake ukaanza kupapasa kilemba. Ibada ilikuwa inakaribia kwisha.

"Mama anarudi," akasema. "Atauliza."

"Ataniuliza mimi," Cheche akasema. "Mimi ndiye niliyemwahidi."

"Utamwambiaje?"

"Nitamwambia lilipingwa."

"Shemeji, atataka kujua na nani. Unamjua mama. Hatalala mpaka ajue. Atanitoa. Nitakwenda wapi mimi, na mashine zangu?"

Cheche alikuwa anatazama meza. Lango likalia nje, tukasikia ndara za mama mkwe kwenye kokoto na sauti yake akimsalimia jirani. Sponji akanishika mkono, akanishika kwa nguvu ile ya kutoboa ngozi, mpaka nikauma meno.

"Nitamwambia nimepinga mimi," Cheche akasema.

"Usimdanganye mama yako."

"Simdanganyi, shemeji. Nimechelewa tu."

Akainuka, akafuta uso kwa kiganja, akatoka kumpokea mama yake.